Advansi kazini au mkopo wa simu: upi uchukue dharura ikikupata katikati ya mwezi

Tuseme ni tarehe 12 Juni. Mtoto amelazwa, hospitali inataka Sh8,000 leo au kesho, na mshahara wako unaingia tarehe 30. Umeajiriwa kwenye kampuni ya kawaida hapa Kenya, mshahara wako kabla ya makato ni Sh45,000, na baada ya kodi, NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na Sacco unabaki na Sh32,000. Simu iko mkononi na inakuonyesha kwamba unaweza kukopa sasa hivi. Wengi hubonyeza hapo hapo, ilhali pesa ya bei nafuu kuliko zote iko kwa mwajiri wao.

Nafasi ya kwanza naipa advansi inayotoka moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa waajiri wengi haina riba wala ada. Unachukua Sh8,000 na zinakatwa Sh8,000. Ubaya wake ni kwamba pengo linahamia mwisho wa mwezi: badala ya Sh32,000 utapokea Sh24,000, na kodi ya nyumba haijapungua. Ndiyo maana usiombe advansi tu, omba na mpango wa kuikata. Barua au ujumbe kwa mhasibu uwe mfupi:

"Naomba advansi ya Sh8,000 kutoka mshahara wangu. Naomba ikatwe Sh4,000 mwezi wa Juni na Sh4,000 mwezi wa Julai. Sababu ni matibabu ya mtoto; nimeambatisha bili ya hospitali."

Bili iliyoambatishwa huharakisha mambo, kwa sababu anayeidhinisha hana haja ya kukuuliza maswali. Jambo la kuwahi ni tarehe. Kampuni nyingi hufunga hesabu za mishahara siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi, na ombi la tarehe 24 mara nyingi hukataliwa kwa sababu hiyo tu. Ulizia tarehe hiyo leo, kabla hujapatwa na lolote.

Kuna pia mpaka wa kisheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mshahara wa Sh45,000, lazima ubaki na angalau Sh15,000. Ukiwa unapokea Sh32,000 una nafasi ya kutosha. Lakini mwenzako mwenye mshahara uleule, ambaye mkopo wa benki umemwacha na Sh18,000, hawezi kukatwa zaidi ya Sh3,000 kwa mwezi. Akiambiwa haiwezekani, si lazima awe amechukiwa. Aombe kiasi kidogo, au akatwe kwa miezi mitatu. Mwezi ukiisha, angalia slipu ya mshahara: makato yawe ya kiasi mlichokubaliana, na yakome mwezi mliokubaliana. Hesabu zikikosewa, barua yako ndiyo ushahidi.

Siku hizi baadhi ya waajiri hawatoi advansi wenyewe, wanakuelekeza kwa kampuni ya kati inayokulipa sehemu ya mshahara uliokwisha kuufanyia kazi. Hiyo si advansi ya bure. Uliza ada ni shilingi ngapi kwa kiasi unachotaka, kisha ilinganishe na hesabu zinazofuata.

Nafasi ya pili ni mkopo wa simu wa siku chache, wa kukuvusha mpaka advansi iingie. Hapa Fuliza ina faida ambayo watu wengi hawajaipigia hesabu. Kwa viwango vilivyotangazwa Oktoba 2022, kiasi kinachozidi Sh2,500 hutozwa asilimia 1 mara moja, kisha Sh25 kila siku, bila kuhesabu ushuru wa serikali juu ya ada hizo. Tuseme hospitali inakubali Sh3,000 leo na salio baadaye, na mhasibu amekuahidi advansi baada ya siku mbili. Fuliza ya Sh3,000 itakugharimu Sh30 na Sh50, jumla Sh80. M-Shwari kwa kiasi hicho hicho ni asilimia 7.5, yaani Sh225, hata ukirudisha kesho yake, maana ada yake hutozwa nzima tangu mwanzo.

Lakini ukikaa na Fuliza, mambo yanageuka. Sh3,000 hizo kwa siku 18, hadi mshahara, ni Sh30 na Sh450: Sh480, zaidi ya mara mbili ya M-Shwari. Ile Sh25 ya kila siku haijali kama una deni la Sh3,000 au la Sh8,000. Kwa Sh8,000 kamili, Fuliza na M-Shwari zinakutana karibu na siku ya 21. Kabla ya hapo Fuliza ni nafuu, baada ya hapo ni ghali. Na kumbuka kwamba deni la Fuliza hujilipa lenyewe: shilingi yoyote inayoingia M-Pesa humezwa kwanza. Shangazi akikutumia Sh2,000 za dawa, dawa hazitanunuliwa. Mwambie alipe kwenye nambari ya malipo ya hospitali moja kwa moja. Deni lako utaliona kwa *234#.

Nafasi ya tatu ni M-Shwari au mkopo wowote wa benki wa siku 30, pale ambapo mwajiri amekataa kabisa. Kwa Sh8,000 ada ni Sh600 kabla ya ushuru. Ukichukua tarehe 12 Juni, siku ya kulipa ni tarehe 12 Julai, kwa hiyo mshahara wa Juni utakukuta bado una muda. Lipa tarehe 30 hiyo hiyo. Usipolipa, mkopo husogezwa siku nyingine 30 na asilimia 7.5 hutozwa tena, safari hii kwa deni lote: Sh8,600 inakuwa Sh9,245. Ukiona kwamba kila mwezi unalipa mkopo asubuhi na kukopa tena jioni, wewe hukopi tena kwa ajili ya dharura; unalipa Sh600 kila mwezi kwa ajili ya bili ile ile ya hospitali. Hapo rudi kwa mhasibu, omba advansi ya kulifuta deni hilo, ikatwe kwa miezi miwili.

Nafasi ya mwisho ni apu za mikopo zisizo na leseni, na kwangu mimi hizi hazifai hata kwa Sh500. Tangu kanuni za 2022, kampuni za mikopo ya kidijitali zinahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha yake iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Tafuta jina la kampuni, si jina la apu pekee, kwa sababu mara nyingi hayafanani. Dalili za hatari zinaonekana mapema: apu inataka kusoma majina yote kwenye simu yako, umeomba Sh5,000 unaona Sh3,900 zimeingia lakini unadaiwa zaidi ya Sh5,000, na muda wa kulipa ni siku 7. Kanuni hizo zinakataza kuwapigia jamaa na wafanyakazi wenzako ili kukuaibisha, na pia zinakataza kupeleka jina lako CRB kama mdaiwa sugu kwa deni lisilozidi Sh1,000. Anayekutishia kwa mambo hayo, hifadhi ujumbe wake na umshtaki kwa Benki Kuu.