Mlango wa ndani wa wingu ulinifungia mishahara: uzoefu wangu

Nimetumia huduma ya milango ya faragha ya wingu, ile inayoziwezesha sava kufikia huduma za mtoaji bila kupita kwenye intaneti ya wazi, kwa miezi kadhaa sasa. Kama ningeandika tathmini hii asubuhi ile mambo yalipoharibika, ningemwambia kila mtu asiiguse kabisa. Hasira hiyo bado haijaniisha.

Nilianza kwa furaha. Sava zetu za mikopo huchukua nywila za hifadhidata kutoka kwenye huduma ya kutunza siri kila zinapowashwa, na kabla ya hapo zililazimika kutokea nje kupitia lango la NAT. Nilifungua mlango wa ndani, nikauweka katika sabneti ya sava hizo, nikaiagiza faiwoli ya mlango ipokee maombi ya poti 443 kutoka 10.20.1.0/24 peke yake, kisha nikawasha chaguo la DNS ya faragha. Kila kitu kilifanya kazi mara moja, nami nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika.

Alfajiri, sava za mishahara zilijiwasha upya baada ya masasisho na hazikuamka. Hizo ziko katika sabneti nyingine, 10.20.4.0/24, na mimi sikuwa nimezigusa hata kidogo. Mhasibu wetu alinipigia simu mara tatu kabla ya saa mbili, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya malipo, na sikuwa na jibu la kumpa.

Nilifungua tiketi kwa mtoaji wa huduma. Aliyenijibu, baada ya kunisubirisha muda mrefu, aliandika mstari mmoja: mlango wenu uko hai, kagueni programu yenu. Nilipomweleza kwamba programu haikuwa imebadilika, alinibandikia maneno yale yale na kuifunga tiketi. Kufungiwa tiketi wakati watu wanasubiri mishahara ni dharau, na sitaiita jina jingine.

Jibu nililipata mwenyewe kwa amri mbili nilizoziendesha ndani ya sava ya mishahara (jina la huduma nimelibadilisha):

```
dig +short siri.wingu.example
10.20.1.37
curl -v --connect-timeout 5 https://siri.wingu.example
```

Amri ya kwanza ilinionyesha chanzo. Jina ambalo jana lilielekea kwenye anwani ya wazi sasa lilielekea kwenye anwani ya mlango wangu, na lilifanya hivyo kwa kila sava iliyomo katika mtandao mzima, kwa maana DNS ya faragha haijali mipaka ya sabneti. Faiwoli, kwa upande wake, iliijali. Kwa hiyo sava za mishahara zilikuwa zikibisha hodi kwenye mlango ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeukataza kuzipokea. Amri ya pili ilining'inia hadi sekunde tano zikaisha bila neno lolote, na hiyo ndiyo dalili ya faiwoli inayotupa pakiti kimyakimya. Kama ningepata jibu lolote la huduma, hata 403 ya kukataliwa, ningejua kwamba njia iko wazi na kasoro iko kwenye ruhusa. Usiku kucha hapakuwa na dalili kwa sababu sava zilizokuwa zimewaka zilikuwa na nywila zao tayari na hazikuuliza tena.

Niliongeza 10.20.4.0/24 kwenye kanuni za faiwoli, na sava zikaamka katika dakika moja.

Ni haki niseme kwamba kosa la kanuni lilikuwa langu. Lakini chaguo linalobadilisha njia ya mtandao mzima limewekwa kwenye ukurasa kama kisanduku kidogo cha tiki, bila onyo kwamba sava nyingine zitaguswa, na hilo si kosa langu. Mtoaji anayeuza kitu hiki anajua kinavyofanya kazi kuliko mimi.

Hata hivyo, wiki chache baadaye niliiondoa kabisa njia ya kwenda intaneti katika sabneti ya mikopo, na sava zikaendelea kuchukua siri zao kama kawaida. Nilikaa nikizitazama kumbukumbu kwa muda mrefu, na ile furaha ya siku ya kwanza ikarudi yote. Kwa hiyo nabadilisha neno langu: huduma yenyewe ninaipendekeza, dawati lao la msaada silipendekezi kwa mtu yeyote.

Bado nina huduma ya foleni ya kuhamisha. Safari hii nitafungua mlango huku DNS ya faragha ikiwa imezimwa, niujaribu kwa jina la mlango wenyewe kutoka katika kila sabneti, ndipo niwashe kile kisanduku. Nitaifanya mwanzoni mwa mwezi, siku ambayo mhasibu hana cha kulipa.