Kuongeza jina ya ndoa ku konti ya banki, Lubumbashi: nyota 3 juu ya 5

Mshahara ya mwezi wa tisa haikuingia, njo vile nilijua kuna matata. Niliolewa mwezi wa saba ku komini ya Kampemba, na ku kazi nikaomba baniandike na jina ya bwana yangu, banki sikuiwaza hata kidogo. Sasa liste ya mshahara inasema jina moja, konti inasema ingine, franga zikarudi kule zilitoka.

Nikakimbia ku ajansi na fotokopi ya akti ya ndoa tu. Mama wa gishe aliisoma, akanirudishia: "Mama, hii inaonyesha kama umeolewa, haibadilishe jina yako." Nilikasirika lakini alikuwa na haki. Huku Kongo mwanamuke akiolewa anabakia na jina zake za kuzaliwa, ukitaka kuzibadilisha kabisa inaomba hukumu ya tiribinali. Na banki inafwata kile karti ya elekteri inasema, yangu ina jina, postinom na prenom za nyumbani kwetu. Kile banaweza kufanya ni kuongeza "epuze" na jina ya bwana nyuma ya zile tatu.

Basi nikaandika barua kwa shefu wa ajansi, fupi tu:

"Ninaomba muongeze jina ya ndoa ku konti yangu, nimero ya konti ibakie ile ile. Ninaambatanisha akti ya ndoa yenye muhuri ya komini, fotokopi ya karti ya elekteri, foto mbili za pasiporo, atestasio ya kazi, na karti ya banki ya zamani."

Akti na karti ya elekteri beba pia orijinali, juu baliziangalia pamoja na fotokopi, mustari kwa mustari. Akti yangu ilikuwa na herufi moja tofauti ku postinom, "i" mahali pa "e", nikarudi ku komini kutafuta masahihisho, siku ine zikaenda bure. Angalia hiyo mbele ya kutoka nyumbani!

Kisha balinijazisha fishi mupya na sinyatire mara tatu. Hapa fikiria muzuri: ukianza kutia sinyatire na jina ya bwana, sheki zako za zamani zenye sinyatire ya zamani haziendane tena na fishi. Miye nilibakia na sinyatire yangu.

Kila kitu ilichukua siku tisa. Nyota mbili nimekata juu hakuna mutu alinipa liste ya makaratasi ile siku ya kwanza, ilikuwa kuambiwa moja moja. Ku kazi nao nilibarudilia, bakaandika jina yote sawa vile iko ku konti, mshahara ikaingia.

Karti mupya imefika juzi. Jina ni ndefu kuliko nafasi, ya bwana imekatwa katikati, anacheka kila mara ninaitosha.