Kisikizio cha kushoto kimefifia? Kalamu hii inasaidia, lakini ncha yake ya chuma itupe

Haya jamani, karibuni tena, hapa ni Mombasa na leo sina muda wa kufungua boksi. Kalamu hii ya kusafishia visikizio mumeshaiona kila kibanda cha simu: upande mmoja brashi, upande mwingine sponji, na hapa ndani, ukivuta, ncha ya chuma. Digo Road mtu alinitajia mia tano, nikaipata kwa mia mbili hatua chache mbele. Msilipe zaidi ya hapo.

Tuanze na kazi yenyewe. Visikizio hivi ni vya binamu yangu, anasema cha kushoto kimekufa. Hakijafa. Kwanza nimeangalia mipangilio ya simu: kile kitelezo cha sauti ya kushoto na kulia kiko katikati. Halafu nikabadilisha raba, ya kushoto nikaivisha kulia. Sauti ndogo imebaki kushoto vilevile. Kwa hivyo kilichoziba si raba, ni wavu.

Sasa tazameni, namulika tochi ya simu kwa ubavu, si moja kwa moja. Mnaona? Nusu ya juu ya wavu inang'aa, nusu ya chini ina utando wa rangi ya kahawia. Hiyo ni nta ya sikio imechanganyika na vumbi na jasho, na kwa joto letu hili inalainika ikajipaka kwenye vitundu. Nimecheza taarabu, kwa sababu kanuni na fidla hazifichi kitu. Kulia nyuzi za kanuni nazisikia moja moja. Kushoto besi ipo kidogo, nyuzi zimemezwa. Ukisikia hivyo, shuku wavu. Kinyume chake, besi ikipotea na sauti nyembamba zikabaki, mara nyingi raba haijakaa vizuri sikioni au si saizi yako.

Hapa ndipo ninapokasirika na ncha hii ya chuma. Angalieni nikiigusisha na wavu wa kisikizio kibovu nilichonacho. Sijakandamiza, na wavu umeshabonyea! Nta nayo imeingia ndani, upande wa spika, ambako huifikii tena. Pini na kijiti cha meno ni hivyo hivyo. Na wale wanaopuliza hewa ya mkebe, kuna chaneli moja inaipigia debe kila wiki, hewa hiyo inasukuma nta mbele, haiivuti nje.

Brashi, lakini, naipenda. Shikeni kisikizio wavu ukitazama chini, brashi iwe kavu, na mpige taratibu kutoka chini. Mnaona chembe zinavyodondoka kwenye karatasi? Mkishika wavu ukitazama juu, chembe zinarudi ndani. Huu ndio ufundi wote, na kwenye pakiti hawakuuandika.

Utando uliobaki unahitaji unyevu. Kwa AirPods Pro, Apple wenyewe wanasema mswaki laini wa mtoto, uuchovye kwenye maji ya kuondolea vipodozi, yale ya misela, mpaka nywele zake zilowe, usugue wavu kwa kuzungusha kama sekunde 15, ukaushe kwa karatasi ya shashi, urudie mpaka mara tatu kwa jumla. Kisha unausuuza mswaki na kurudia kwa maji yaliyokenekwa, na kukiacha kisikizio kikauke angalau saa mbili. Vyenu vikiwa vya kampuni nyingine, someni kwanza maelezo yao, maana si kila wavu unavumilia maji.

Na maji ya kisima, wapenzi, hapana. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, ikikauka inabaki kwenye vitundu vilevile mlivyozibua. Kwa raba hakuna shida kubwa: zivueni, sabuni kidogo na maji vuguvugu, suuzeni, halafu ziacheni usiku kucha. Unyevu wa hapa haukauki upesi, na raba mbichi ukiirudisha inapeleka maji moja kwa moja kwenye wavu.

Haya, sikilizeni sasa. Nyuzi zimerudi! Bado kushoto kuko chini kidogo, nikiwaambia ni sawasawa nitawadanganya. Nikimulika tena naona kivuli chini ya wavu, nta imepita. Hapo brashi haifiki, huyo anapelekwa kwa fundi.

Kijaluba cha kuchaji na vile vipini vyake vya shaba nitavifanyia video yake wiki ijayo, mumeniomba sana. Kalamu naipa alama saba kwa kumi, tatu nimezikata kwa ajili ya chuma kile. Wa Likoni aliyeuliza kuhusu spiriti: futia mwili wa nje kwa kitambaa, ila kwenye wavu usiimwage, gundi inayoushika inaweza kuachia.