Stei na hendeli ya dirisha la chuma: ununue ipi kama aliyeitengeneza hajulikani

Hendeli ya dirisha ikikatika, kila mtu huigeuza kwanza atafute jina la aliyeitengeneza. Mimi nilimaliza siku nzima hivyo. Nyuma yake nilikuta tarakimu tatu tu, nikazitafuta kila mahali, hadi fundi mmoja aliponiambia, "Hiyo ni namba ya kalibu, ndugu yangu. Wewe pima." Tangu hapo sijatafuta tena jina. Vifaa hivi hununuliwa kwa vipimo, na vipimo vyenyewe ni vichache.

Nazungumzia madirisha ya fremu nyembamba za chuma, yenye bawaba ubavuni. Hendeli yake ina pua inayobana fremu isiyofunguka, na chini kuna stei, ule upau wenye matundu unaotumbukizwa kwenye kigingi ili upepo usilibamize dirisha. Dirisha la alumini lenye mikono iliyofichwa katikati ya fremu lina vipimo vyake vingine kabisa.

Kabla ya kununua chochote, lifunge dirisha kwa kulisukuma kwa kiganja, bila hendeli. Kama haliingii mpaka mwisho, kuna kutu iliyovimba ndani ya fremu, au rangi imerundikana tabaka juu ya tabaka, au bawaba imelegea na dirisha limeshuka. Hapo ndipo hendeli yako ilipokatikia, kwa kulazimishwa ivute kilichogoma kuingia. Usiposafisha kwanza, hata hendeli mpya itakatika palepale.

Sasa vipimo. Kwenye hendeli, pima kutoka katikati ya skrubu moja hadi katikati ya nyingine, kisha kimo cha pua, yaani kutoka uso unaokaa kwenye fremu hadi chini ya pua. Kimo hicho ndicho kinachowaponza watu wengi. Yangu ilikuwa na kimo cha milimita 16 na skrubu zenye nafasi ya milimita 45. Niliyoinunua kwanza ililingana nayo kila kitu kwa macho, lakini pua yake ilikuwa na kimo cha milimita 12, ikawa inagonga ukingo wa fremu na haipandi. Nikakata kipande cha bati nene la milimita 4, nikakiweka chini ya hendeli, nikatafuta skrubu ndefu zaidi, ikafunga vizuri. Kwa hiyo ukikosa kipimo chako kamili, chukua yenye pua ya chini kidogo, kwa maana hiyo huinuliwa kwa bati. Pua iliyo juu mno haibani. Dirisha hubaki linacheza usiku kucha, na itakubidi uinue kibati inachobana kwenye fremu ya pili, kazi ambayo ni ngumu zaidi.

Angalia pia upande. Ukiwa ndani ya chumba, dirisha likiwa limefungwa, mkono wa hendeli unatakiwa kuning'inia chini na pua kuelekea fremu isiyofunguka. Ukinunua ya upande wa pili, pua ikifika mahali pake mkono utakuwa umeelekea juu, na uzito wake utakuwa unavuta kufungua.

Kwenye stei, pima kutoka katikati ya ekseli yake hadi katikati ya tundu la mwisho, kisha upana wa tundu lenyewe. Na usinunue upau peke yake. Nunua seti nzima, upau na mguu wake na kigingi chake. Tundu la milimita 8 kwenye kigingi cha milimita 6 hupiga kelele kila upepo unapovuma, na siku ya dhoruba huruka likatoka.

Nikizipanga njia zilizopo, naanza na seti mpya ya shaba ya njano yenye vipimo hivyo. Shaba haishiki kutu, na ikipindwa kidogo haikatiki. Hata hivyo, usiamini rangi ya dhahabu unayoiona. Nyingi ni zinki iliyopakwa, na sumaku haitakusaidia kwa kuwa hainasi kwenye zinki wala kwenye shaba. Omba ruhusa ya kukwaruza upande wa nyuma kwa tupa ndogo. Shaba ni ya njano hadi ndani, zinki ni ya kijivu. Hendeli yangu iliyokatika ilikuwa ya kijivu chenye chembechembe kama sukari pale ilipovunjikia.

Ya pili, na kwangu iko nyuma ya ile ya kwanza kwa hatua moja tu, ni kifaa kilichotumika kilichotolewa kwenye dirisha la zamani. Hapa ndipo unapoweza kupata pacha kamili wa kile chako. Na anzia nyumbani mwako. Dirisha la stoo lisilofunguliwa mwaka hadi mwaka huenda lina hendeli ileile ya upande uleule. Ihamishie pale inapoonekana, na ile mpya isiyofanana uifunge stoo. Rangi ya zamani iondoe kwa kukiloweka kifaa kwenye maji ya moto yenye sabuni hadi ibanduke. Usiipige msasa ikiwa kavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi na vumbi lake ni sumu.

Ya tatu ni kutengeneza. Kama hendeli ni ya shaba, fundi anaweza kuiunga pua kwa moto na ikadumu. Ya zinki mwambie asijaribu, maana huyeyuka karibu nyuzi 400 za Selsiasi, kabla hata kiungio hakijaanza kuyeyuka. Stei iliyopinda ya chuma au shaba hunyooshwa kwenye jiliwa bila shida. Kusubu nakala kwa kutumia kile cha zamani kama kielelezo ninakuweka chini zaidi, kwani shaba hunywea karibu asilimia 1.5 inapopoa. Stei ya milimita 300 itatoka pungufu kwa milimita 4 au 5, na tundu halitafika kwenye kigingi kama mwanzo.

Mwisho kabisa naweka hendeli za zinki zinazouzwa kuwa zinafaa kila dirisha. Matundu yao marefu ya skrubu yanarahisisha kufunga, lakini skrubu huteleza ndani yake kila unapovuta, na baada ya muda pua haifiki mahali pake. Itumie kwa dharura tu, ukisubiri ya kudumu.

Limebaki jambo la skrubu, na hapa nawasihi msiwe na haraka. Madirisha ya zamani mara nyingi yana hesi ya inchi 3/16, yenye unene wa milimita 4.76, na skrubu mpya ya M5 inakaribia sana unene huo. Ila hesi zake zimekaribiana zaidi, kila mzunguko milimita 0.8, wakati ile ya zamani ni kama 1.06. Ingiza skrubu kwa vidole. Ikizunguka mara nne au tano bila kukaza, ni yenyewe. Ikigoma mzunguko wa pili, itoe, tumia zile za zamani ulizozisafisha. Ukilazimisha kwa bisibisi utaila hesi ya fremu, na chuma chenyewe ni chembamba. Ikishaharibika, toboa kwa drili ya milimita 5, kata hesi mpya ya M6, na upanue tundu la hendeli kwa kiasi hicho.

Ukimaliza, bana kipande cha karatasi kati ya dirisha na fremu karibu na hendeli, ufunge, uvute. Karatasi ikichomoka bila kukwama, pua bado iko juu.