Kundi la wazi au kundi la kocha peke yake?

Wazazi wapendwa, kuanzia Jumatatu saa za mazoezi na habari za kuahirisha zitapita kwenye kundi la Wasapu. Kuna namna mbili za kulifungua, nami nimejaribu zote.

Katika kundi la wazi kila mzazi anaandika. Mwaka jana, siku ya mvua hapa Bukavu, niliandika saa saba: «Leo hakuna mazoezi, kiwanja ni matope.» Zikafuata «asante kocha», salamu, na picha za harusi. Mama mmoja alipowasha mega saa nane na nusu, tangazo lilikuwa limezama juu kabisa. Mtoto wake alishuka kutoka Kadutu kwa miguu, nikamkuta peke yake golini, amelowa hadi soksi. Siku hiyo iliniuma sana.

Katika kundi la pili, viongozi tu ndio wanaoandika. Ujumbe wa mwisho ni tangazo lenyewe. Nikiubonyeza kwa muda na kufungua maelezo yake, naona nani umemfikia na nani bado. Hao bado nitawapigia simu. Ubaya wake ni kwamba mzazi hawezi kuuliza palepale. Aniandikie pembeni, hasa mtoto akiwa mgonjwa, maana hayo si ya kundi zima.

Nimechagua la pili. Mvua ikinyesha, angalieni kundi kabla ya saa nane. Mazoezi ni saa tisa na nusu. Asiye na Wasapu anipe namba, nitamtumia ujumbe wa kawaida.