Jiko la mita 3.3 kwa 2.4: mpangilio upi wa makabati ununue, upi uache

Fundi akikupigia bei ya makabati kwa mita, mpangilio ndio unaoamua bei kabla hata hujachagua rangi ya milango. Chumba kimoja kinaweza kumeza mita 3 za makabati au mita 6, na zile 6 zisikupe jiko bora zaidi. Kwa hiyo hapa napanga mipangilio kwa daraja, si aina za mbao. Nimechukua chumba cha kawaida cha nyumba ya kupanga au ya kujenga mwenyewe: urefu sentimita 330, upana 240, dirisha na bomba la maji machafu kwenye ukuta mfupi wa ndani, na mlango mmoja wa sentimita 80 kwenye ukuta mfupi wa pili. Mlango huo uko karibu na kona ya kulia ukiingia ndani, na unafunguka kuelekea ukuta mrefu wa kulia.

Kwanza chora. Karatasi ya A4 inatosha kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 5 za karatasi ni mita 1 ya sakafu. Chumba chetu kinakuwa mstatili wa sentimita 16.5 kwa 12. Pima kila ukuta mara tatu: chini, usawa wa kaunta, na juu, kisha shika kipimo kidogo kuliko vyote. Pima pia kona hadi kona, mara mbili. Kama kona zote ni za nyuzi 90 sawasawa, zote mbili zitakuja 408. Ikija 405 na 411, kona zako zimepinda, na boksi lililonyooka litaacha upenyo mahali fulani.

Halafu kata vikaratasi vya maboksi. Kabati la chini lina kina cha sentimita 60 pamoja na mlango wake, na upana huenda kwa hatua zilizozoeleka: 30, 40, 45, 50, 60, 80, 100. Boksi la 60 ni kikaratasi cha sentimita 3 kwa 3. Jiko la gesi la kusimama ni 60 kwa 60, sinki yenye bakuli moja na mahali pa kuchuria vyombo ni 100 kwa 50, na friji ya kawaida ni kama 60. Kata pia utepe wa sentimita 6, ambao ni mita 1.2 ya sakafu. Huo ni wa kupima njia: watu wawili wanaofanya kazi jikoni wanahitaji upana huo kati ya makabati na makabati. Mtu mmoja peke yake anaweza kuishi na 105 hivi. Chini ya 90, anayefungua oveni analazimika kusimama pembeni yake badala ya mbele.

Usikubali boksi lenye kina cha 62 au 65 bila mlango kwa sababu tu linaonekana kubwa. Bodi ni sentimita 244 kwa 122. Mbavu ya boksi yenye kina cha 58 na urefu wa 72 inatoka sita kwenye bodi moja, yaani maboksi matatu. Ongeza kina kiwe 62 na mbavu mbili hazikai tena ubavu kwa ubavu kwenye 122, kwa hiyo bodi ileile inatoa tatu. Masalio yatatumika kwingine, lakini utanunua bodi zaidi.

Nafasi ya kwanza: umbo la L

Kwenye chumba hiki L inashinda, na sababu kubwa ni bomba. Sinki inabaki chini ya dirisha, ambako maji machafu yanatoka tayari, na hakuna anayepasua sakafu.

Weka vikaratasi kwenye ukuta mrefu wa kushoto ukianzia kona ya dirisha: kabati la kona 110, boksi la 30, jiko la gesi 60, boksi la 50, kisha nafasi wazi ya friji 80. Jumla ni 330 kamili. Kabati la kona halina mlango wa 110. Sentimita 60 zake zimefichwa nyuma ya safu ya dirisha, 5 ni kipande cha kuzibia, na mlango ni 45. Kile kipande cha 5 mafundi wenye haraka hukiruka, halafu mlango wa kona unagongana na kishikio cha kabati la jirani, na haufunguki zaidi ya nusu.

Ukuta wa dirisha una 240, lakini 60 za kwanza zimeshachukuliwa na kona. Zinabaki 180: kipande cha 5, boksi la sinki 100, boksi la 30, la droo 40, na kipande kingine cha 5 ukutani ili droo isikwaruze plasta. Elekeza bakuli la sinki mbali na kona, na sehemu ya kuchuria vyombo iwe upande wa kona, ili anayeosha asizibe mlango wa kabati la kona.

Sasa pembetatu ya kazi, ile kanuni ya miaka ya 1940 iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois. Unapima kutoka katikati ya uso wa sinki hadi jiko, jiko hadi friji, na friji hadi sinki. Kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi mita 7.9. Kwetu, bakuli la sinki hadi jiko inakuja sentimita 136, jiko hadi friji 120, friji hadi sinki 244. Jumla ni mita 5. Jiko lina pa kutulia sufuria pande zote mbili, na friji ina kaunta ya 50 upande wa kulia ukiitazama. Bawaba za friji ziwe upande wa kushoto, ukutani, ili mlango ukifunguka, kaunta iwe mkononi. Acha sentimita 10 kati ya friji na ukuta, la sivyo mlango unaishia kwenye nyuzi 90 na zile droo za mboga hazitoki. Nafasi ya friji imeachwa 80 kwa sababu ya pili pia: ndiyo inayomeza makosa ya ukuta. Chumba kikitokea kuwa 328, makabati hayaguswi.

Kinachobaki ni sakafu ya 180 kwa 270. Apikaye anaweza kugeuka, mwingine anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na wa tatu anapita. Ukitaka hifadhi zaidi, ongeza kwenye ukuta mrefu wa kulia makabati mawili ya 45 yenye kina cha 35 tu, kile kile cha makabati ya juu, uyasimamishe chini. Njia inabaki 145. Jihadhari yasianzie kwenye kona ya dirisha, maana hapo yatasimama mbele ya droo ya 40 na haitafunguka kamwe. Yaanze sentimita 150 kutoka dirishani na yaishie 240, kwa sababu 90 za mwisho ni za mlango wa chumba.

Nafasi ya pili: safu mbili zinazotazamana

Ukuta wa kushoto 330, wa kulia 240, na katikati njia ya 120 kamili. Haina kona hata moja, kwa hiyo kila boksi linafunguka lote, na fundi wa kawaida hawezi kuiharibu. Ukiondoa friji na jiko, unapata kama mita 4.3 za makabati ya chini, wakati L ina takriban mita 3 zinazofunguka kweli. Pembetatu yake nayo ni nzuri: sinki kushoto karibu na dirisha, jiko kulia, friji kushoto mwishoni, jumla ni mita 5.2 hivi.

Kwa nini basi ni ya pili? Sinki inahama kutoka dirishani, na bomba lazima lifuate likiwa na mteremko. Tena mwenye sufuria ya moto anageuka kuvuka njia kila anapomwaga maji ya wali au ndizi. Oveni ikifunguliwa, inakula kama 50 za ile njia. Familia ya wapishi wawili italisikia hilo kila Jumapili. Lakini kama bomba bado halijalazwa na mpishi ni mmoja, mimi ningeipandisha iwe ya kwanza bila kusita.

Nafasi ya tatu: umbo la U

Hii ndiyo inayouzwa sana kwa picha. Kwenye upana wa 240 inaingia, na inaacha 120 katikati. Tatizo ni kona mbili, na kila moja inaficha eneo la 60 kwa 60 ambalo unalilipia na kulifikia kwa kupiga magoti. Ukuta wa dirisha unabaki na 120 za uso. Toa vipande viwili vya 5, na sinki ya 100 inakaa huku ikibakisha 10 zisizo na kazi. Unanunua makabati mengi kuliko wote na sakafu ndogo kuliko wote. Upana ukiwa 270 au zaidi, hukumu inabadilika.

Nafasi ya mwisho: ukuta mmoja

Ukuta wa 330 ukitoa friji 80, jiko 60 na sinki 100, unabaki na 90 tu za kukatia na kukandia. Sinki iwe katikati, 30 upande wa friji na 60 upande wa jiko. Ni nafuu, na kwa chumba cha mpangaji anayeishi peke yake inatosha, lakini pembetatu hakuna. Kisiwa cha katikati kwenye upana huu usikifikirie: 60 za makabati, 105 za njia, 60 za kisiwa na 90 za kupita nyuma yake ni 315, nasi tuna 240.

Mtungi wa gesi

Mpangilio wowote utakaouchagua, mtungi ukae nje ya nyumba kama inawezekana. Ukilazimika kuingia kabatini, boksi la 40 lina 36.4 tu ndani kwa bodi ya milimita 18, kwa hiyo pima mtungi wako kabla ya kuagiza. Boksi hilo litobolewe matundu chini kabisa, karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini. Kabati la juu lisishuke chini ya sentimita 65 kutoka kwenye jiko. Sehemu nyingine 50 hadi 55 juu ya kaunta zinatosha.

Mchoro ukikamilika, usimpe fundi malipo ya kwanza kabla hajaja kupima mwenyewe, na apime baada ya plasta na vigae. Plasta na vigae vya kuta mbili vinavyotazamana hula sentimita kadhaa, na njia ya 120 iliyochorwa kwenye matofali matupu haitakuwa 120 siku ya kufunga.