Mzizi k-t-b na mzizi -andik-: kipi kinabaki, kipi kinabadilika

Kiarabu na Kiswahili vyote huzalisha maneno kutoka kwenye mzizi, ila kila kimoja hufanyia kazi mahali pake.

Kiarabu huzishika konsonanti tatu, k-t-b, na kuchezea irabu zilizo katikati: kataba (aliandika), kaatib (mwandishi), kitaab (kitabu). Kikitanguliza ma- hupata maktuub (kilichoandikwa) na maktaba. Kiswahili hakigusi irabu za ndani ya -andik-. Hubandika mbele na nyuma: andikia, andikwa, mwandiko. Kinachoyumba ni konsonanti ya mwisho, kwani kiishio -i hugeuza k kuwa sh: mwandishi, maandishi.

Kiswahili kilipochukua katibu, kitabu na maktaba, kilichukua maneno mazima, si mtambo wake. Ndiyo maana ki- ya kitabu ilidhaniwa kiambishi, tukapata vitabu. Waarabu wenyewe husema kutub.

Kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea: anatafuta maktaba kwenye m. Vua ma- kwanza, kisha uhesabu konsonanti. Zikibaki mbili, shuku w au y iliyomezwa. Chukua makala, kwa Kiarabu maqaala: ukivua ma- unabaki na q na l tu. Iliyopotea ni w, maana mzizi ni q-w-l. Kiswahili chenyewe kinaitunza katika kauli, kutoka qawl. Hiyo u ndiyo w yenyewe.